Usimenye Bitiruti Kabla Haijaiva

Wengi wetu tunaijua bitiruti ikiwa mbichi: imesagwa kwenye blenda pamoja na karoti na tangawizi, au imekwaruzwa juu ya kachumbari. Siku tunapoamua kuipika, tunaitendea tulivyozoea kutendea viazi mviringo. Tunaimenya, tunaikata vipande, tunaitumbukiza kwenye maji na kuwasha moto. Baada ya nusu saa maji yamekolea wekundu, vipande vimepauka, na utamu mwingi uko kwenye yale maji ambayo yanakwenda kumwagwa. Mtu akionja anasema bitiruti haina ladha, na hairudii tena.

Ipo njia nyingine yenye kazi ndogo zaidi, nayo ni kuipika nzima: na ganda lake, na mkia wake, na kipande cha vikonyo vya majani kikiwa bado juu. Kumenya kunafuata baada ya kuiva. Lile ganda gumu linalosumbua kisu likiwa bichi hutoka kwa kusukumwa na kidole gumba, na chini yake unakuta nyama nyororo, yenye rangi iliyojaa na utamu wote. Kinachohitajika ni kujua mambo machache kuhusu ukubwa na muda, maana hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Tuanze na sababu ya kuacha ganda. Wekundu wa bitiruti unatokana na rangi iitwayo betanini, ambayo imehifadhiwa ndani ya vifuko vidogo sana katika kila seli. Rangi hii huyeyuka upesi kwenye maji. Bitiruti ikiwa mbichi, kuta za vifuko hivyo huizuia isitoke. Joto linapofika nyuzi 60 hivi kuta hizo hulegea, na rangi inakuwa huru kufuata maji kokote yaendako. Kuanzia hapo kizuizi kilichobaki ni ganda peke yake. Ni jembamba, lakini limejengwa kwa tabaka la seli zisizopitisha maji kwa urahisi, na likiwa zima hufanya kazi hiyo vizuri kwa saa nzima ya kuchemka. Likitobolewa au kukatwa, rangi inapata mlango, na sukari inapita hapo hapo.

Folati nayo hupitia mlango huo. Hii ni aina ya vitamini B ambayo mwili huihitaji katika kutengeneza damu, na bitiruti inayo ya kutosha. Nataja hili kwa sababu wengi hununua bitiruti kwa imani kwamba inaongeza damu, na huitegemea kwa kuwa ni nyekundu. Wekundu huo hauhusiani na damu, na madini ya chuma katika gramu 100 za bitiruti hayafiki hata miligramu moja. Chenye thamani zaidi hapo ni folati, ambayo huyeyuka kwenye maji. Anayemenya kwanza na kuchemsha vipande anamwaga sehemu nzuri ya kile alichokifuata sokoni.

Sokoni kwenyewe, jicho liangalie zaidi ukubwa kuliko wingi. Fungu lenye bitiruti zinazolingana ni rahisi kupika kuliko fungu kubwa lenye mchanganyiko. Chagua zilizo ngumu mkononi, ganda laini lisilo na mikunjo, na mkia ambao haujakatika. Zile kubwa sana zenye shingo ndefu yenye makovu mengi ya majani zimekaa shambani kupita muda wake, na mara nyingi ndani zina nyuzi ngumu ambazo hakuna moto utakaozilainisha. Hizo ziachie blenda.

Kama zina majani, yakate siku hiyo hiyo ufikapo nyumbani, kwa sababu majani yanaendelea kuvuta maji kutoka kwenye mzizi na kuunyausha. Yakate sentimita 3 juu ya bitiruti, usifike kwenye nyama yenyewe. Hicho kipande cha vikonyo kinachobaki ndicho kizibo cha juu, na mkia ni kizibo cha chini. Majani usiyatupe. Ile mboga ya majani mapana na vikonyo vinene inayouzwa kwa jina la spinachi katika masoko mengi ya Kenya na Tanzania ni ya jamii moja kabisa na bitiruti. Wataalamu wa mimea huziweka zote katika spishi moja. Majani ya bitiruti basi yanakubali mapishi yale yale ya kitunguu na nyanya, au ya nazi.

Kuosha kunahitaji subira kidogo. Udongo ukiwa umeganda, loweka bitiruti kwenye beseni la maji kwa dakika 10, kisha uzifute kwa kiganja au kwa kitambaa laini. Usitumie chuma cha kusugulia masufuria wala brashi ngumu, kwa sababu mikwaruzo midogo usiyoiona itaonekana baadaye kwenye maji. Ukiikuta bitiruti iliyojeruhiwa na jembe, itenge kwa ajili ya kuoka. Huko haimo ndani ya maji, kwa hiyo kidonda chake hakitaigharimu sana.

Sasa muda. Watu wakiuliza bitiruti inachemka kwa muda gani, hujibiwa "kama saa moja", na jibu hilo ni kweli kwa baadhi tu. Muda unategemea upana wa kila bitiruti, kupimwa mahali iliponenepa zaidi. Chukua rula ya mtoto wa shule au futi ya fundi cherehani mara moja tu, halafu jicho litazoea. Bitiruti yenye upana wa sentimita 5, ambayo ina uzito wa gramu 70 hivi, huiva kwa dakika 30 hadi 35 tangu maji yanapochemka. Yenye sentimita 7, karibu gramu 190, inataka dakika 45 hadi 55. Ikifika sentimita 9, ambayo ni kama gramu 400, hesabu saa moja na robo hadi saa moja na nusu.

Ukizitazama hesabu hizo kwa makini utaona muda unaongezeka haraka kuliko upana. Joto huingia kwenye bitiruti kutoka nje, tabaka kwa tabaka, nalo husafiri polepole. Upana ukiongezeka mara mbili, muda wa joto kufika kwenye kiini hauongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Katika bitiruti ya sentimita 5 kiini hupata joto la kutosha kwa dakika 20 na ushei. Katika ile ya sentimita 9 inapita saa moja ndipo kiini kipate joto hilo hilo. Baada ya hapo nyama inahitaji kama robo saa nyingine ya kukaa kwenye joto hilo ili ilainike. Kwa hiyo bitiruti kubwa iliyotolewa mapema huwa na nje laini na katikati mbichi inayogugunika, na ukiikata utaiona tofauti: nje inang'aa na kiini kimefifia.

Idadi, kwa upande wake, haina uzito mkubwa. Bitiruti 6 za upana mmoja zinaiva kwa muda ule ule wa bitiruti 1, mradi sufuria ni kubwa, maji yamezifunika zote, na unaanza kuhesabu pale maji yanapoanza kuchemka tena baada ya kuzitia.

Kuna sababu nyingine inayofanya bitiruti ichelewe kuliko kiazi cha ukubwa ule ule. Seli za mboga hushikana kwa kitu kinachoitwa pektini, na kupika mboga ni kuilegeza pektini hiyo kwa joto. Katika bitiruti na ndugu zake pektini imefungwa kwa vifungo vya ziada ambavyo havivunjiki upesi. Ndiyo maana kiazi mviringo kikizidi moto kinapasuka na kuwa uji, ilhali bitiruti iliyoiva barabara bado inakatika vipande visafi vyenye kona. Hili ni jambo zuri kwa mpishi. Bitiruti ikizidi dakika 10 juu ya moto haiharibiki, ila ikipungukiwa dakika 10 inaonekana wazi. Ukiwa na shaka, iache iendelee.

Tuchukue mfano kamili, kwa kuwa ni nadra kupata fungu la bitiruti zinazolingana. Tuseme umepata moja kubwa ya sentimita 9, mbili za wastani za sentimita 7, na tatu ndogo za sentimita 5. Zote pamoja ni kama kilo moja. Chemsha maji kwenye sufuria yenye kina, mengi ya kutosha kuzifunika zote na kuzidi kwa vidole viwili. Saa nne kamili asubuhi, maji yakiwa yanachemka, tia ile kubwa peke yake, funika, na maji yakishachemka tena punguza moto. Saa nne na nusu ongeza zile mbili za wastani. Saa tano kasoro dakika 10 tia zile tatu ndogo. Saa tano na dakika 20 zote sita zinafikia kuiva kwa pamoja: kubwa imekaa dakika 80, za wastani dakika 50, ndogo dakika 30. Kila unapoongeza, maji yatatulia kidogo kisha yachemke tena. Ongeza moto kwa muda huo mfupi halafu uurudishe chini. Kiwango cha maji kikishuka hadi bitiruti zichungulie juu, jazia maji ya moto kutoka kwenye birika. Ukijazia ya baridi unasimamisha mapishi na hesabu yako inavurugika.

Moto mdogo hapo hauna hasara yoyote. Maji yanayochemka taratibu yana joto sawa na yale yanayotokota kwa kishindo, kwa hiyo moto mkali haufupishi muda hata kidogo. Unamaliza gesi au mkaa, na unazigonganisha bitiruti hadi maganda yachubuke. Kifuniko ndicho chenye faida.

Muda nilioutaja ni wa pwani, yaani Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na kwingine kulikokaribiana na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Nairobi na Mbeya, zilizo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzijoto 94 au 95 tu, na hayapandi zaidi hata ukichochea moto namna gani. Kwa bitiruti, hizo nyuzi 5 zina maana kubwa. Wapishi wa nyanda za juu waongeze kama robo ya muda: dakika 50 ziwe saa moja na dakika chache. Au watumie presha kuka, ambayo hupandisha joto la maji kupita 100 hata mlimani. Humo, ndogo zinatosheka na dakika 12 hadi 15, za wastani dakika 20 hadi 25, na kubwa dakika 30 hadi 35, kisha uache presha ishuke yenyewe kabla ya kufungua. Ukiitoa presha kwa ghafla, maganda yanaweza kupasuka.

Katika maji hayo usitie ndimu wala siki. Wapo wanaofundishwa kutia siki ili rangi isipotee, na ni kweli kwamba uchachu huilinda betanini, lakini rangi yako tayari imelindwa na ganda. Kile ambacho uchachu utafanya ndani ya sufuria ni kuiimarisha pektini, na bitiruti itakaa saa nyingine bila kulainika. Magadi nayo, ambayo tunayazoea kwenye maharage na makande, yanafanya kinyume: yanalainisha haraka, lakini yanaigeuza rangi kuwa zambarau chafu kisha kahawia. Chumvi haipenyi ganda, kwa hiyo iwekwe baadaye mezani. Kama nyumbani kwako mnatumia maji ya kisima yenye chokaa nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, tegemea kusubiri zaidi kidogo, maana chokaa nayo huikaza pektini. Maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chokaa yanafaa zaidi.

Kujua kama imeiva, chukua kijiti chembamba cha mshikaki au kisu chenye ncha nyembamba. Chagua bitiruti kubwa kuliko zote, choma upande wa juu karibu na vikonyo, na sukuma hadi katikati. Kijiti kiingie kwa ulaini ule ule kuanzia nje hadi kwenye kiini. Kikipita vizuri mwanzoni kisha kikakutana na ugumu ndani, bado. Ongeza dakika 10, na ukirudi tumia tundu lile lile, kwa sababu kila tundu jipya ni mlango mwingine wa rangi. Uma haufai kwa kazi hii, unatoboa matundu manne kwa mara moja.

Kuna kipimo cha pili ambacho nakiamini kuliko kijiti. Itoe bitiruti moja kwa kijiko, iweke chini ya maji ya bomba kwa sekunde chache ili uweze kuishika, kisha sukuma ganda kwa kidole gumba karibu na shingo. Likiteleza na kujikunja mbele ya kidole, imeiva. Likikataa, au likitoka kwa vipande vidogo kama rangi ya ukuta inayobanduka, irudishe kwenye sufuria. Ganda linateleza kwa sababu seli zilizo chini yake moja kwa moja zimelainika hadi haziwezi tena kulishikilia. Kwa hiyo ganda lisilotoka linakuambia jambo kuhusu nyama iliyo chini yake, na kulilazimisha kwa kisu ni kujinyima habari hiyo.

Zikiiva, mwaga maji ya moto na ujaze sufuria maji ya baridi. Ziache humo dakika 2 au 3, zipoe kiasi cha kushikika huku ndani zikiwa bado na uvuguvugu. Zisikae humo muda mrefu, zikianza kupoza hadi ndani zitaendelea kutoa rangi kupitia matundu uliyotoboa. Shika moja kwa mikono miwili, vidole gumba viwe juu, na usugue kutoka shingoni kuelekea mkiani kana kwamba unavua soksi. Ganda lote huteleza, mara nyingi kwa vipande vitatu au vinne vikubwa. Kisha kata shingo na mkia kwa kisu. Ukifanya hivi juu ya beseni la maji, vidole vinasuuzwa palepale na kazi inakwenda haraka. Kwa bitiruti sita hutumii hata dakika 5.

Kosa la kawaida hapa ni kuziacha zipoe kabisa kwanza, labda hadi jioni. Zikipoa, lile tabaka laini chini ya ganda linakauka na kushikamana upya, na ganda linaanza kutoka pamoja na vipande vya nyama. Kama imekutokea, usichukue kisu. Zitumbukize tena kwenye maji ya moto kwa dakika 3 hadi 5, zitoe, na uzisugue zikiwa za moto.

Mikono itakuwa myekundu, lakini si kwa muda mrefu. Kupaka mafuta kidogo ya kupikia kwenye vidole kabla ya kuanza husaidia, na baadaye ndimu na chumvi kidogo vitaondoa kilichobaki. Kata bitiruti juu ya sahani ya kauri au bati. Ubao wa mbao hunywa rangi na kuipitisha kwenye nyanya na vitunguu utakavyokata kesho yake. Nguo ikidondokewa, isuuze papo hapo kwa maji ya baridi, kisha uianike juani: betanini haivumilii mwanga, na jua la saa chache huipunguza sana.

Kuoka ni njia ya polepole zaidi, na mimi huipenda kuliko kuchemsha pale moto unapokuwepo kwa kazi nyingine. Hakuna maji ya kuchukua chochote. Badala yake bitiruti inapoteza maji yake yenyewe kidogo kidogo, na utamu unazidi kukolea. Osha, futa hadi ikauke, acha vikonyo na mkia, kisha funga kila moja peke yake kwenye foili, bila mafuta. Usitie chumvi wala ndimu ndani ya foili. Foili ni alumini, na chumvi au uchachu kwenye joto la muda mrefu huitoboa na kuacha chembe zake kwenye chakula. Ukizifunga kila moja peke yake, unaweza kuzitoa ndogo mapema na kuziacha kubwa ziendelee.

Katika oveni yenye nyuzijoto 200, bitiruti ya sentimita 5 inataka dakika 45 hadi 50, ya sentimita 7 saa moja na robo hivi, na ya sentimita 9 inakaribia saa mbili. Muda huu unaonekana wa ajabu kwa kuwa oveni ina joto mara mbili ya maji yanayochemka, lakini hewa hupitisha joto vibaya sana ikilinganishwa na maji, na ndani ya foili bitiruti imezungukwa na mvuke wake usiozidi nyuzi 100.

Asiye na oveni anaweza kutumia ile njia tunayookea keki kwa mkaa. Weka mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili ndani ya sufuria nzito, panga juu yake bitiruti zilizofungwa, funika kwa mfuniko wa bati, weka sufuria kwenye jiko lenye mkaa kiasi, na mkaa mwingine juu ya mfuniko. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Kila baada ya nusu saa geuza bitiruti na uongeze vipande viwili vitatu vya mkaa. Muda ni kama wa oveni au zaidi kidogo. Kijiti ndicho kitakachokata shauri, na hapa unaweza kuchoma ukipitisha kijiti kwenye foili yenyewe. Wale wanaochoma viazi vitamu kwenye majivu ya moto wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa bitiruti, wakichagua ndogo na kuzifukia kwenye majivu pembeni ya makaa. Zikilala juu ya kaa lenyewe, upande mmoja unaungua na kuwa mchungu kabla upande wa pili haujapata moto.

Zikitoka, usizifungue mara moja. Ziache ndani ya foili kwa dakika 10 hadi 15. Mvuke uliomo unaendelea kulilainisha ganda, ambalo kwa kuoka hukauka kuliko kwa kuchemsha. Kisha fungua, shika bitiruti kwa karatasi ya jikoni au kitambaa chakavu usichokionea uchungu, na usugue. Kama ganda limekauka na kung'ang'ania, ziweke zote kwenye bakuli, nyunyizia maji kijiko kimoja, funika kwa sahani na usubiri dakika nyingine 10.

Likibaki jambo la ladha, ni ile harufu ya udongo inayowakera baadhi ya watu. Inatokana na kemikali iitwayo jeosmini, ile ile inayonukia ardhi ikipata mvua ya kwanza. Nyingi yake iko kwenye ganda na karibu yake, kwa hiyo kumenya kunaondoa sehemu kubwa. Iliyobaki huvunjwa na uchachu, na hapa ndipo ndimu inapopata nafasi yake halali. Kata bitiruti zikiwa bado vuguvugu, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi na pilipili manga, changanya, na uziache robo saa. Bitiruti ya vuguvugu hunywa ndimu hadi ndani. Ikishapoa inakaa juu juu tu. Rangi nayo inarudi kung'aa, kwa sababu betanini hutulia vizuri zaidi kwenye uchachu kiasi. Ongeza vitunguu maji vilivyokatwa nyembamba na kuoshwa kwa chumvi, na una saladi ya kula na pilau au na samaki wa kuchoma.

Ukikata ukakuta miduara myeupe na myekundu ikipishana, usidhani imeharibika. Bitiruti hukua kwa kuongeza pete juu ya pete, na zilizolimwa kwenye joto kali huonyesha pete nyeupe waziwazi. Zinalika, ingawa utamu wake ni mdogo. Nyuzi zinazokwama kwenye meno baada ya saa mbili za moto ni jambo jingine: hiyo imezeeka, na ni bora kuisaga kwenye supu na kuichuja. Ukiona mkojo una rangi ya waridi siku inayofuata, ni betanini tu, hutokea kwa baadhi ya watu na hupita. Wenye historia ya mawe kwenye figo wazile kwa kiasi, kwa kuwa zina oksaleti nyingi, na watoto wachanga wa miezi michache wasipewe, kwa sababu ya naitrati zilizomo.

Zilizoiva na kumenywa hukaa kwenye friji siku 3 hadi 5 ndani ya chombo chenye kifuniko, zikiwa nzima, na zikatwe siku ya kuliwa. Kama unaziweka kwenye saladi ya viazi na mayai, tia ndimu na mafuta kwenye bitiruti peke yake kwanza, changanya vingine vyote kwenye bakuli tofauti, na uviunganishe mezani watu wakiwa wameshakaa.